Viungo vya ndani, vidokezo na kitufe cha simu: kipi hasa kinalipandisha tangazo lako Google

Mtu wa Mikocheni ambaye friji yake imeacha kugandisha anaandika kwenye simu "fundi friji Mikocheni", na juu ya matokeo anakuta matangazo mawili. La kwanza lina kichwa na mistari miwili ya maelezo, basi. La pili lina hayo yote, na chini yake kuna viungo vinne vinavyompeleka moja kwa moja kwenye kurasa za bei, za friji, za viyoyozi na za kuomba fundi. Kuna pia maneno mafupi kama "Lipa baada ya kazi kuisha", na kitufe cha kupiga simu. Tangazo hilo la pili limemeza sehemu kubwa ya kioo cha simu.

Wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam wanaotangaza Google wameshasikia kwamba nyongeza hizi huongeza mibofyo na kupandisha nafasi ya tangazo. Wanaziweka, wanasubiri mwezi, wanafungua ripoti na kukuta kwamba zilipoonekana, kiwango cha mibofyo kilikuwa karibu mara tatu ya pale ambapo hazikuonekana. Wanafurahi na kumweleza bosi. Namba hiyo ni ya kweli, ila maana wanayoipa si yake. Nyongeza hizi zina manufaa, lakini ripoti hiyo inayakuza manufaa yake upande mmoja na kuyaficha upande mwingine.

Vitu vyenyewe

Ndani ya akaunti ya Google Ads vyote hivi viko chini ya `Assets`. Hadi mwaka 2022 viliitwa `Extensions`, na ndiyo maana mafunzo mengi ya zamani bado yanatumia jina hilo. Mimi nitaviita viambatisho.

Viungo vya ndani, yaani `Sitelinks`, ni viungo vya kurasa nyingine za tovuti yako. Maandishi ya kiungo kimoja hayazidi herufi 25, nafasi zikihesabiwa, na unaweza kuongeza mistari miwili ya maelezo yenye herufi 35 kila mmoja. Kila kiungo lazima kifungue ukurasa wenye maudhui tofauti na vingine, na tofauti na ukurasa wa tangazo lenyewe. Sharti hilo huwakwamisha wengi, kwa sababu tovuti za biashara ndogo mara nyingi zina ukurasa mmoja mrefu. Viungo vinne vinavyoangukia pale pale vitakataliwa. Ukiwa na ukurasa mmoja, anza na vidokezo na simu, kisha tengeneza kurasa tatu nne za kweli kabla ya kurudi kwenye viungo.

Vidokezo, yaani `Callouts`, ni vipande vya maneno visivyobofyeka, navyo pia havizidi herufi 25. Kiswahili hubanwa na kipimo hiki kwa sababu maneno yetu ni marefu. "Mafundi wenye uzoefu mkubwa" lina herufi 27 na halitakubaliwa, wakati "Lipa baada ya kazi kuisha" lina 25 kamili. Kufupisha huku kuna faida yake, maana hukulazimisha kuacha sifa za jumla na kutaja jambo moja ambalo mteja anaweza kulishika.

Kitufe cha simu kinatokana na kiambatisho cha `Calls`. Unaweka namba yako chini ya Tanzania, na kwenye simu ya mteja inageuka kitufe. Ndiyo njia halali ya kuweka namba kwenye tangazo la utafutaji, kwa kuwa kanuni za Google zinakataza namba ya simu ndani ya kichwa au maelezo. Anayeichomeka kwenye kidokezo ili aonekane mjanja atashangaa tu kwa nini kidokezo hakipiti.

Kuviweka viambatisho hakuna ada. Mbofyo kwenye kiungo au kwenye kitufe cha simu hutozwa sawa na mbofyo kwenye kichwa cha tangazo. Mtu akibofya mara kadhaa kwenye tangazo lile lile lililotokea mara moja, Google haitozi zaidi ya mibofyo miwili.

Vinavyoingia kwenye mnada

Kila mtu anapotafuta, Google huendesha mnada. Kila tangazo hupewa daraja, ambalo ndilo linaloitwa `Ad Rank`, na daraja huamua kama tangazo litatokea na litakaa wapi. Linatokana na dau lako, ubora wa tangazo na ukurasa kwa wakati huo, ukali wa ushindani, kima cha chini cha kuruhusiwa kuonekana, na mazingira ya mtafutaji kama mahali alipo na kifaa anachotumia. Oktoba 2013 Google ilitangaza kwamba imeongeza jambo jingine: athari inayotarajiwa ya viambatisho. Wakati huo ilieleza kwamba matangazo mawili yakiwa na dau sawa na ubora sawa, lile ambalo viambatisho vyake vinatarajiwa kuleta athari nzuri zaidi kwa kawaida litakaa juu.

Hapa neno "inayotarajiwa" lina uzito. Google haikupi alama kwa sababu umejaza nafasi. Inakadiria, kwa utafutaji huu hapa, viambatisho ambavyo vingeweza kuonekana vinahusiana kiasi gani na alichoandika mtu, vimekuwa vikibofywa kiasi gani, na vitaonekana wazi kiasi gani kwenye ukurasa. Kwa hiyo kiungo cha "Kuhusu Sisi" hakina msaada mkubwa kwa mtu mwenye friji iliyoharibika, hata kama ni cha nne na kimekamilisha safu.

Jambo la pili ambalo watu hulikosea ni kutafuta athari hiyo kwenye alama ya ubora, ile `Quality Score` ya 1 hadi 10 inayoonekana kando ya kila neno la utafutaji. Hawataiona pale. Alama hiyo ni kipimo cha uchunguzi, haiingii moja kwa moja kwenye mnada. Tena makadirio yake ya mibofyo huondoa mchango wa nafasi na wa viambatisho ili neno na tangazo vipimwe peke yake. Unaweza kuongeza viungo sita bora kabisa, alama ikabaki 6 kama ilivyokuwa, na bado daraja lako kwenye mnada likawa limepanda. Viambatisho vinaingilia mlango mwingine.

Halafu kuna mduara. Viambatisho husaidia kupandisha daraja, lakini Google pia hutaka daraja fulani na nafasi fulani kabla ya kuvionyesha. Tangazo lililoko chini ya ukurasa mara nyingi halionyeshi viungo hata kama vipo na vimeidhinishwa. Kwa hiyo viambatisho huonekana zaidi pale ambapo tangazo tayari liko juu, na tangazo lililo juu hubofywa zaidi hata likiwa tupu. Ile hesabu ya mara tatu inazaliwa hapo.

Karakana ya Sinza

Tuchukue mfano wa karakana ya friji na viyoyozi iliyoko Sinza. Namba ni zangu za kufundishia, ila sura yake nimeiona kwenye akaunti nyingi. Kwa mwezi mmoja tangazo limeonekana mara 4,000 na kubofywa mara 240, yaani asilimia 6. Mwenye karakana anafungua jedwali la viambatisho na kukuta kwamba viungo vya ndani vilionekana mara 1,500, na mibofyo ni 150. Hiyo ni asilimia 10. Anatoa kwenye jumla: mara 2,500 bila viungo, mibofyo 90, asilimia 3.6. Anasema viungo vimeongeza mibofyo karibu mara tatu.

Kwanza, ile mibofyo 150 si mibofyo ya viungo. Jedwali hilo huhesabu mibofyo yote ya tangazo katika zile mara ambazo kiungo kilikuwepo, popote mtu alipogusa. Ukitaka kujua waligusa wapi, gawa jedwali kwa `Click type`. Kwa karakana yetu inatoka hivi: 112 kwenye kichwa, 23 kwenye viungo, 15 kwenye kitufe cha simu.

Wengine wakiona 23 wanakata tamaa na kuvifuta. Hilo pia ni kosa. Kiungo cha "Bei za Matengenezo" kinaweza kufanya kazi bila kuguswa: mtu amekisoma, amejua kwamba bei zimewekwa wazi, na amebofya kichwa. Vidokezo haviguswi kabisa, na hakuna anayesema havina kazi.

Pili, tugawe kwa nafasi, kwa kutumia `Top vs. other`. Tangazo lilikuwa juu ya matokeo mara 2,000 na likabofywa mara 195. Mara nyingine 2,000 lilikuwa chini, likabofywa mara 45, ambayo ni asilimia 2.25. Zile mara 1,500 za viungo zote ziko kwenye kundi la juu. Kwa hiyo ndani ya kundi hilo, penye viungo kuna mibofyo 150 kwa mara 1,500, yaani asilimia 10, na pasipo viungo kuna mibofyo 45 kwa mara 500, yaani asilimia 9.

Ile 10 dhidi ya 3.6 imegeuka 10 dhidi ya 9. Sehemu kubwa ya tofauti ilikuwa nafasi, viungo vilikuwa vimepanda nayo tu. Hata hiyo pointi moja iliyobaki ni nyepesi: watu watano zaidi wangebofya kwenye kundi la 500, tofauti ingeisha. Isitoshe, hata juu kuna juu zaidi, na viungo hupenda kutokea kwenye nafasi ya kwanza kabisa.

Basi havina kazi? Hapana, na hapa ndipo ripoti inapoficha. Kati ya zile mara 2,000 za juu, baadhi tangazo lilifika pale kwa sababu viambatisho viliongezea daraja. Bila hivyo, mnada ule ule ungeliacha chini, kwenye asilimia 2.25. Hakuna safu kwenye jedwali inayokwambia ni mara ngapi ilitokea hivyo, kwa kuwa mnada ambao ungeupoteza haukutokea. Mchango wa viambatisho kwenye daraja hauonekani kwa kulinganisha mara zilizokuwa navyo na zilizokuwa bila, kwa sababu vyenyewe vimechangia kuamua zipi ziwe zipi.

Njia safi ya kuuona ni jaribio. Kwenye `Experiments` unaweza kugawa kampeni nusu kwa nusu, nusu moja ikiwa na viambatisho na nyingine bila, dau na maneno yakiwa yale yale. Hakikisha umeviondoa kwenye ngazi ya akaunti nzima na kuvibakiza kwenye kampeni, la sivyo vitavuja kwenye nusu zote mbili. Usilinganishe viungo pekee, linganisha nusu nzima na nusu nzima, na uangalie `Impr. (Top) %` pamoja na wastani wa bei ya mbofyo. Kama mchango wa daraja upo, nusu yenye viambatisho itakuwa juu mara nyingi zaidi kwa dau lile lile.

Kwa karakana yenye mara 4,000 kwa mwezi jaribio litahitaji miezi kadhaa kabla ya kusema lolote. Ukishindwa kusubiri na kulinganisha kabla na baada, angalau usilinganishe Septemba na Januari. Joto la Dar kuanzia Desemba hadi Machi huleta watafutaji wa mafundi wa viyoyozi wenye haraka, nao hubofya tofauti.

Kuhusu bei ya mbofyo, usiahidi mtu kwamba itashuka. Ukiwa na viambatisho vinavyohusiana kuliko vya washindani, unaweza kulipa kidogo zaidi kwa nafasi ile ile, kwa kuwa unalipa kiasi kinachohitajika tu kuwapita walio chini yako. Lakini daraja hilo hilo likikupandisha hadi nafasi ambayo hukuwahi kuifikia, huko juu mbofyo unaweza kuwa ghali zaidi.

Kidokezo kinachofukuza watu

Kuna wakati kiwango cha mibofyo kikishuka ni habari njema. Karakana yetu hutoza ada ya ukaguzi fundi anapofika nyumbani. Wanaobofya bila kujua hilo hupiga simu, husikia ada, hukata. Kila mmoja amelipiwa. Wakiweka kidokezo "Ada ya ukaguzi Sh 15,000", ambacho kina herufi 24 na kinatosha, baadhi ya watu watalipita tangazo. Mibofyo itapungua na matarajio ya Google juu ya tangazo nayo yanaweza kushuka kidogo, kwa hiyo bei yake ipo. Kwa maoni yangu ni bei ya kulipa kwa biashara yoyote ambayo bajeti yake ya siku huisha kabla ya jioni, maana mbofyo wa mtu asiye mteja umekula nafasi ya mtu ambaye angekuwa mteja. Kama bajeti haiishi, hesabu inabadilika na unaweza kuliacha jambo hilo lielezwe kwenye ukurasa.

Kidokezo cha eneo hufanya kazi ya aina hiyo. "Sinza, Mwenge, Mikocheni" humwambia mtu wa Mbagala asihangaike, ingawa dawa ya kwanza ya hilo ni kurekebisha mipangilio ya maeneo ya kampeni.

Angalia pia ngazi ulikoweka kila kitu. Viambatisho vinaweza kuwekwa kwenye akaunti, kampeni au kundi la matangazo. Zamani vya ngazi ya chini vilivizuia vya juu. Tangu 2022, viungo na vidokezo vya ngazi ya juu vinaweza kuonekana pamoja na vya chini pale mfumo unapokadiria vitasaidia. Karakana hiyo ikiwa inauza pia vipuri na imeweka "Nunua Vipuri" kwenye akaunti nzima, kiungo hicho kinaweza kumtokea mtu anayetafuta fundi. Ukiona kiungo usichokitambua kabisa, huenda mfumo umekitengeneza wenyewe kutoka kwenye tovuti yako. Viungo vya namna hiyo hudhibitiwa kwenye mipangilio ya viambatisho vya moja kwa moja vya akaunti, na unaweza kuvizima kimoja kimoja.

Simu

Kwa biashara kama hii Dar, kitufe cha simu ndicho kiambatisho cha thamani kuliko vyote, na ndicho kinachopoteza hela haraka kuliko vyote. Unatozwa mtu anapogusa kitufe. Baada ya hapo simu yake hufungua sehemu ya kupiga ikiwa na namba yako, na ni yeye anayeamua kupiga. Akighairi, mbofyo umeshahesabiwa. Akipiga na usipopokea, pia umehesabiwa.

Kwa hiyo ile 15 kwenye `Click type`, ambayo utaiona ikiitwa `Mobile clicks-to-call`, si simu 15 zilizozungumzwa. Google ina namba za kupitishia simu ambazo hupima urefu wa maongezi, lakini hazipo katika kila nchi. Angalia kama akaunti yako inakupa chaguo hilo kabla ya kupanga chochote juu yake. Pasipo hizo, njia ya uhakika ni laini moja isiyotumika popote pengine ila kwenye tangazo, halafu ulinganishe rekodi zake na ripoti. Kwa mfano wetu, 12 zililia na 9 zikapokelewa. Tatu walighairi kabla ya kupiga, na hilo ni la kawaida. Tatu zilikosa mtu wa kupokea, na hilo ni tatizo la karakana.

Mara nyingi chanzo chake ni ratiba. Kitufe cha simu kina ratiba yake, nayo hufuata saa za akaunti, ambazo huchaguliwa akaunti inapofunguliwa. Nimekuta akaunti za biashara za hapa zilizofunguliwa na ndugu aliye Uingereza zikiwa na saa za London. Ukiandika humo 8:00 hadi 18:00, wakati wa baridi kule kitufe kitatokea hapa kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 3 usiku. Asubuhi yote, watu wanapoamka na kukuta friji imeyeyusha nyama, hakuna kitufe. Usiku fundi amelala na kitufe kipo. Kiambatisho kisichoweza kuonekana kwa saa hizo hakina pia cha kuchangia kwenye daraja, kwa hiyo asubuhi hizo tangazo linaingia mnadani likiwa pungufu. Dalili yake ni rahisi kuiona: gawa ripoti kwa saa za siku, na kama simu zinaanza ghafla karibu saa tano badala ya kupanda taratibu tangu saa mbili, nenda kaangalie saa za akaunti kabla ya kugusa dau.

Kama huna mtu wa kupokea baada ya saa 12 jioni, funga ratiba ya kitufe muda huo na uache viungo vifanye kazi usiku. Kiungo cha "Omba Fundi Aje Nyumbani" kinachofungua ukurasa wenye fomu fupi na kitufe cha WhatsApp kitamhifadhi mteja hadi asubuhi. Ukurasa huo uwe kwenye tovuti yako mwenyewe, kwa kuwa kiungo kinachokwenda nje ya tovuti ya tangazo kwa kawaida hukataliwa.